Maji moyo kwa mbuzi na ng'ombe: oksitetra ya 10% au ya 20%?

Ingia duka lolote la dawa za mifugo, liwe Kisauni, Mtongwe au Mariakani, utazikuta chupa mbili za oksitetrasaiklini zimepangwa bega kwa bega. Moja imeandikwa 10%. Nyingine imeandikwa 20% na herufi LA, yaani ile inayodumu mwilini. Rangi ya dawa ni ileile ya manjano iliyokolea, na kipimo kwenye karatasi mara nyingi husomeka sawasawa: mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Mfugaji mwenye mbuzi anayeyumba huona ni dawa moja yenye bei mbili, akachukua ya rahisi. Kumbe mililita hiyo moja ya 10% ina miligramu 100 za dawa, na ya 20% ina miligramu 200. Ya kwanza inakwisha mwilini kwa siku moja, ya pili inakaa kama siku tatu. Ya kwanza, ikiwa lebo yake inaruhusu, inaweza kuingizwa mshipani polepole. Ya pili ikiingia mshipani inaweza kumwangusha mnyama mbele ya macho yako.

Ipi uchukue? Jibu halitoki kwenye bei, linatoka kwenye kipimajoto. Ili ieleweke kwa nini, tuanze na kupe.

Kupe anafanya nini, na siku ngapi zinapita

Maji moyo huletwa na bakteria mdogo aitwaye erlikia. Anayembeba ni kupe wa jamii ya ambliyoma, yule mkubwa mwenye miguu ya mistari. Dume lake lina mgongo wa rangi ya chungwa uliochorwa weusi, na huwezi kumchanganya na kupe wa kahawia anayeleta ndigana kali. Ana midomo mirefu, kwa hiyo huacha kidonda. Mtafute kifuani, kwenye kiwele, kwenye pumbu, chini ya mkia, na kwa mbuzi usisahau katikati ya kwato. Mbuzi anayechechemea wakati wa masika mara nyingi amebeba kupe huyu kwenye ufa wa kwato, na mwenyewe anadhani amekanyaga mwiba.

Kupe huambukizwa akiwa mdogo, anaponyonya damu ya mnyama mwenye erlikia. Hudondoka, hujibadilisha gamba huko majanini, kisha hupanda mnyama mwingine na kumpa ugonjwa. Hampi papo hapo. Lazima awe amejishika na kunyonya kwa muda, kati ya siku moja na tatu hivi. Ndiyo maana kuwang'oa kwa mkono kila jioni kuna faida ya kweli.

Baada ya kuambukizwa, mbuzi hukaa kama wiki mbili bila dalili yoyote. Ng'ombe huchukua muda huo au zaidi kidogo. Wakati huo bakteria wanazaliana ndani ya ngozi nyembamba inayotandika mishipa midogo ya damu. Mishipa ikiharibika, maji ya damu huvuja. Yanajaa kwenye mfuko wa moyo, na hapo ndipo ugonjwa ulipopata jina. Yanajaa pia kifuani na kwenye mapafu, na ubongo unavimba. Dalili zote za kichaa unazoziona zinatoka kwenye ubongo huo uliovimba.

Sasa shika jambo hili, maana uamuzi wote unasimama juu yake: oksitetra inawazuia bakteria wasizaliane. Haikaushi maji ambayo yameshavuja. Sindano iliyochomwa siku ya kwanza ya homa inafika kabla ya mafuriko. Sindano ileile, kipimo kilekile, ikichomwa mbuzi ameshaanza kutembea kama farasi wa gwaride, inawakuta bakteria lakini maji yako kichwani tayari.

Kusubiri dalili za fahamu, au kupima joto kila asubuhi

Huu ndio ulinganisho wa kwanza, na una uzito kuliko ule wa chupa.

Dalili za fahamu ni rahisi kuziona. Mnyama hunyanyua miguu juu kupita kiasi anapotembea. Hutafuna na mdomo hauna kitu. Kope zinatetemeka, ulimi unatoka, anazunguka, anaegemeza kichwa ukutani. Ukimgonga kidogo kwa kidole kwenye paji la uso hupepesa macho kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwishoni huanguka ubavu, kichwa kimevutwa nyuma, miguu inapiga kasia, povu puani. Ng'ombe wengine huharisha, na baadhi huwa wakali na kushambulia mtu. Lakini ukiona haya umechelewa kwa siku moja au kadhaa. Na kwa mbuzi kuna ubaya zaidi: wengine hufa ghafla bila kupitia hatua hizi, jioni anakula, asubuhi yuko chini.

Homa hutangulia. Mbuzi mzima ana joto la kati ya 38.5 na 39.7 hivi, ng'ombe kati ya 38 na 39.3. Maji moyo huipandisha hadi 40, 41, hata 42, na siku ya kwanza mnyama huenda bado anakula. Kwa macho huoni kitu. Kipimajoto cha kawaida cha shilingi chache, kimefungwa uzi ili kisipotelee ndani, kikapakwa mafuta kidogo na kukaa njia ya haja kubwa kwa dakika mbili kikigusa ukuta wa utumbo, kinakwambia. Pima saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Mchana wa Mombasa, mbuzi aliyesimama juani anaweza kufika 40 bila ugonjwa wowote, ukamchoma bure.

Hakuna haja ya kupima zizi zima mwaka mzima. Mbuzi wa kienyeji aliyezaliwa na kukulia kwenye kupe kwa kawaida alikwisha kupatana na ugonjwa akiwa mchanga, wakati mwili unauhimili. Ndama wa wiki chache na mwanambuzi wa siku chache huambukizwa mara nyingi bila kuugua sana. Wa kupimwa ni mgeni: mbuzi wa maziwa chotara aliyetoka bara alikofugwa bandani bila kuona kupe, ng'ombe wa Friziani au Ayashaya aliyenunuliwa juzi, au mnyama yeyote aliyehamishiwa malishoni mwenye kupe hawa. Pima kila asubuhi kuanzia siku ya 7 hadi wiki ya 5 baada ya kuingia. Gharama yake ni dakika tano.

Chupa mbili, kando kwa kando

| | 10% | 20% LA |
|---|---|---|
| Dawa ndani ya mililita 1 | miligramu 100 | miligramu 200 |
| Kipimo homa ikianza | miligramu 10 kwa kilo, kila siku | miligramu 20 kwa kilo, mara moja |
| Kwa mililita | 1 kwa kilo 10 | 1 kwa kilo 10 |
| Mara ngapi | siku 3 mfululizo, hata homa ikishuka | rudia baada ya saa 72 daktari akiona inafaa |
| Mshipani | daktari tu, polepole, ikiwa lebo inaruhusu | kamwe |
| Ng'ombe wa kilo 320 | mililita 96 kwa siku tatu | mililita 32 kwa sindano ya kwanza |
| Kusubiri kabla ya kuchinja | soma lebo, kwa kawaida muda mfupi zaidi | mara nyingi siku 28 |

Angalia mstari wa ng'ombe. Chupa ya mililita 100 ya 10% karibu yote inaishia kwa ng'ombe mmoja. Bei nafuu ya dukani inabadilika ukihesabu tiba nzima badala ya chupa.

Homa ikiwa ndiyo kwanza imepanda, chupa zote mbili huponya. Hapo tunachagua ya 20%, na sababu ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kitabibu. Tiba ya siku tatu huvunjika siku ya pili. Joto limeshuka, mbuzi anakula, mchungaji ameshapeleka kundi Mwakirunge kabla jua halijachomoza, na sindano ya pili inakuwa kesho, kisha haiwi. Siku nne baadaye homa inarudi ikiwa na kope zinazotetemeka. Dawa inayodumu inaziba pengo hilo. Ikiwa ni ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa nyuma ya nyumba Likoni, na yuko mtu wa kumchoma kila asubuhi bila kukosa, ya 10% inafanya kazi vizuri kabisa.

Dalili za fahamu zikishaanza, uamuzi unageuka. Sasa unahitaji dawa nyingi ndani ya damu mara moja, na ya 20% iliyo kwenye msuli hutoka polepole. Tiba inayofaa ni ya 10%, miligramu 20 kwa kilo, mshipani, kwa mkono wa daktari wa mifugo, taratibu kwa dakika kadhaa huku anasikiliza moyo. Ikiingizwa kwa haraka inaweza kumwangusha mnyama, kwa sababu dawa hushika kalisi ya damu na kimiminika chake chenyewe huugusa moyo. Daktari pia ndiye aamue kama ataongeza dawa ya kupunguza maji au uvimbe. Zile za kupunguza uvimbe zinaweza kuharibu mimba, kwa hiyo mwambie kama mnyama ana mimba kabla hajaivuta kwenye bomba.

Kuna mshindani wa tatu ambaye tunamtaja ili aondoke njiani: unga wa oksitetra wa kuku, unaokorogwa kwenye maji. Kwa mnyama anayecheua haufai. Hufyonzwa vibaya na huua vijidudu vya tumbo la kwanza ambavyo ndivyo vinavyomsagia majani. Penisilini nayo haigusi erlikia, hata ukitoa chupa nzima.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuseme mbuzi jike chotara wa maziwa ameletwa Mwakirunge kutoka nyanda za juu mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imenyesha. Anapimwa kila asubuhi tangu siku ya 7. Siku ya 14 ana 39.2. Siku ya 15 ana 40.8, anakula, ila anabaki nyuma kidogo ya wenzake. Kupe wawili wa rangi wameonekana chini ya mkia.

Kwanza uzito. Kukisia kwa macho ndiko kunakoharibu tiba nyingi, na wengi hukisia chini. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele: sentimita 70. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio: sentimita 62. Zidisha 70 kwa 70 kwa 62, gawanya kwa 10,840. Unapata kilo 28. Hesabu hiyohiyo inatumika kwa ng'ombe: kifua 160, urefu 135, unapata kama kilo 319.

Kwa kilo 28, dawa ya 20% ni mililita 2.8. Choma kwenye msuli wa shingo, sindano mpya, baada ya kuvuta pistoni nyuma kidogo kuhakikisha damu haiji. Damu ikija uko mshipani: toa, hamia pengine. Kwa mbuzi usizidishe mililita 5 mahali pamoja, kwa ng'ombe 10. Ng'ombe wetu wa mililita 32 atachomwa sehemu nne, mbili kila upande wa shingo. Dawa hii inauma na huacha uvimbe. Ukiiweka yote pahali pamoja msuli unaweza kuharibika.

Siku ya 16 asubuhi ana 40.1. Siku ya 17 ana 39.3. Hivyo ndivyo tiba inavyojibu. Endelea kupima hadi siku ya 20. Kama siku ya 17 bado ana 40.8, usiongeze dawa ileile kimyakimya. Ama uzito ulikosewa, ama dawa imeharibika, ama ugonjwa ni mwingine. Chupa iliyokaa dirishani juani ikageuka nyeusi kama kahawa haifai, itupe.

Muda wote huo mnyama akae kivulini, kwenye nyasi laini, pasipo mbwa, watoto wala pikipiki. Hii si huruma tu. Mnyama ambaye ubongo wake umeanza kuvimba, ukimkimbiza ili umkamate, anaweza kuingia degedege na kufa mikononi mwako. Usimnyweshe dawa kwa chupa akiwa anatetemeka. Koo halimezi sawasawa na maji huenda mapafuni.

Kinachofanana na maji moyo

Hapa ndipo oksitetra hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Mbuzi anayezunguka upande mmoja kwa majuma, bila homa, huenda ana kizunguzungu kinacholetwa na mnyoo wa tegu kichwani. Aliyekakamaa mwili mzima, masikio yamesimama, taya limefunga, na wiki zilizopita alihasiwa au kukatwa mkia: fikiria pepopunda. Anayetetemeka na kutokwa mate saa chache baada ya kuogeshwa dawa ya kupe, mkumbuke aliyepima dawa hiyo kabla ya kumkumbuka kupe. Ng'ombe mwenye homa na matezi yaliyovimba chini ya sikio na mbele ya bega ana sura ya ndigana kali, ambayo oksitetra pekee haiponyi ikishapamba moto.

Na kichaa cha mbwa. Mnyama anayelia kwa sauti iliyobadilika, anatokwa mate na kushambulia, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Mfunge mbali na watu, piga simu kwa daktari wa mifugo.

Akifa, daktari akimpasua huenda akakuta maji ya rangi ya majani makavu kwenye mfuko wa moyo, ambayo hugandamana yakipigwa na hewa, povu kwenye koromeo na mapafu mazito yaliyolowa. Kwa mbuzi maji haya huonekana zaidi. Kwa ng'ombe yanaweza kuwa machache, kwa hiyo moyo mkavu hauondoi ugonjwa. Uthibitisho uko kwenye ubongo. Kipande kidogo hutandazwa kwenye kioo, hupakwa rangi na kutazamwa kwa darubini, bakteria wakionekana kama vishada ndani ya kuta za mishipa midogo. Tone la damu la sikioni, linalofaa kwa ndigana, halitawaonyesha. Maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Mariakani. Kichwa kifike kikiwa na ubaridi, siku hiyohiyo ikiwezekana, maana joto la Pwani huozesha ubongo kabla ya kitu kingine. Mzoga wenye damu isiyoganda puani au njia ya haja usiupasue kabisa, huo unaweza kuwa kimeta.

Kupe, na Idi

Kwa dawa ya kupe ya amitrazi ya 12.5%, kipimo cha kawaida ni mililita 40 kwenye pampu ya lita 20, kila wiki wakati wa mvua. Pampu ikipita mgongoni tu hujafanya kitu, kwa sababu ambliyoma hakai mgongoni. Inua mkia, lowesha kiwele, fungua kwato.

Jambo la mwisho linawahusu wanaofuga kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Mbuzi aliyechomwa ya 20% wiki tatu kabla ya sikukuu bado ana dawa kwenye nyama. Lebo nyingi za 20% huagiza siku 28 kwa nyama na kama siku 7 kwa maziwa. Ikiwa mnyama ameugua na siku zilizobaki kabla ya Idi hazifiki 28, hii ni sababu nyingine ya kuchukua ya 10%, kwa kuwa muda wake wa kusubiri kwa kawaida ni mfupi, lakini hesabu kwanza siku zilizoandikwa kwenye chupa yenyewe, kuanzia sindano ya mwisho. Zikivuka siku ya Idi, mtibu huyo na umnunulie mwenye sadaka mbuzi mwingine. Andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye hereni ya sikio, ili anayekuja kununua aione hata kama wewe haupo zizini.